Bangili kumi na tano za dhahabu: tushikilie, tuuze zote, au tuuze tatu?

Mombasa, Ijumaa, Machi 1, 2024

Assalaam alaykum, mama zangu na dada zangu.

Juzi nilikuwa Marikiti. Mwanachama mmoja wa shirika letu akanivuta kando ya vikapu vya tungule, akaninong'oneza: "Bi mweka hazina, ni kweli bangili zetu zimepungua?" Nikamwambia bangili ziko zote kumi na tano, na kila moja ina gramu zake 20 kama siku tuliyoipokea. Kilichopungua ni shilingi tutakazopewa tukizipeleka sokoni. Akacheka, akasema hayo ndiyo maneno ya watu wa hesabu.

Hakukosea kucheka. Ndiyo maana naandika, ili tukikutana Jumamosi ya Machi 9 kupiga kura kila mmoja awe anajua ni kitu gani kimepungua, na zile njia tatu zilizotajwa kwenye kamati zinatupeleka wapi. Sitawaambia mpige kura upande gani. Tuko 40, na shida zetu si moja. Palipo na maoni yangu mtayaona, na mna haki ya kuyakataa.

Hasara imetoka wapi

Tulinunua wiki ya mwisho ya Januari. Hali ya wakati ule mnaikumbuka. Dola iliingia mwaka 2023 ikiwa kama shilingi 123, ikatoka mwaka huo ikiwa imepita 156, na siku tuliyokwenda kwa sonara ilikuwa karibu 160. Kila mwenye akiba alikuwa anaikimbia shilingi, nasi tukakimbia naye. Mimi mwenyewe nilinyoosha mkono kuunga.

Bangili zetu ni za karati 22, yaani katika sehemu 24 za madini, 22 ni dhahabu na zilizobaki ni mchanganyiko wa kuipa ugumu. Kwa hiyo ndani ya gramu zetu 300 mna gramu 275 za dhahabu tupu. Bei ya dunia hutajwa kwa wakia, na wakia moja ya dhahabu ni gramu 31.1, kwa hiyo tunazo kama wakia 8.84. Wakia ilikuwa karibu dola 2,040. Zidisha, unapata kama dola 18,036. Badilisha kwa 160, ni shilingi 2,886,000. Juu yake sonara alitoza ujira wa shilingi 600 kwa gramu, jumla 180,000. Risiti iliyo kwenye faili inasema shilingi 3,066,000.

Sasa njooni mwisho wa Februari. Wengi wanadhani dhahabu imeshuka duniani. Katikati ya mwezi ilishuka kweli, ikaingia chini ya dola 2,000, lakini ilipanda tena ikafunga mwezi karibu pale pale ilipoanzia, dola 2,040. Anayehesabu kwa dola hajapoteza kitu. Kilichobadilika ni shilingi yetu, iliyotoka karibu 160 ikafika karibu 145 kwa dola moja ndani ya mwezi mmoja.

Sababu zake zilikuwa kwenye taarifa za habari, ila hakuna aliyezihusisha na bangili. Mwezi Juni serikali inatakiwa kulipa deni la Yurobondi la dola bilioni 2 lililokopwa mwaka 2014, na hofu ya kushindwa kulilipa ndiyo iliyokuwa inaisukuma shilingi chini. Katikati ya Februari serikali ilikopa dola bilioni 1.5 upya ili inunue sehemu kubwa ya deni hilo mapema. Hofu ikashuka. Siku hizo hizo ikauzwa hati fungani ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46, isiyokatwa kodi, na wageni wakaja na dola zao kuinunua. Benki Kuu nayo ilikuwa imepandisha riba yake hadi asilimia 13 mapema mwezi huo. Waliokuwa wameficha dola wakaanza kuzitoa kabla hazijashuka zaidi.

Dola zetu zile zile 18,036, ukizibadilisha kwa 145, ni shilingi 2,615,000. Kutoka 2,886,000 tumepungukiwa na 271,000, karibu shilingi 6,800 kwa kila mwanachama. Hiyo ndiyo hasara niliyoiandika kwenye daftari la Februari. Ni hasara ya karatasini, kwa maana kwamba hakuna shilingi iliyotoka mfukoni mwa mtu, na shilingi ikilegea tena au dhahabu ikipanda inaweza kufutika bila sisi kufanya lolote. Inaweza pia kukua.

Kuna jambo jingine ambalo lazima nilikiri. Nilipokuwa nikiandika daftari la Januari niliingiza 3,066,000 zote kama thamani ya dhahabu. Nilikosea. Ule ujira wa 180,000 ulikwisha siku ile ile bangili zilipofungwa kwenye karatasi, kwa sababu hakuna sonara anayenunua nakshi za mwenzake. Yeye hupima uzito, huangalia karati, na hulipa madini. Nilikwenda kuuliza kwa masonara watatu wa Mji wa Kale wangetununulia vipi, na aliyetoa bei nzuri kuliko wenzake anakata asilimia 3 ya bei ya siku. Kwa hiyo tukiuza zote leo tutapokea kama 2,537,000, ambazo ni pungufu ya 529,000 kuliko tulizolipa. Katika hizo, 180,000 ni ujira, 78,000 ni makato ya sonara, na 271,000 ni kazi ya shilingi. Ni hizo 271,000 peke yake zilizoletwa na Februari.

Tunapima kwa vigezo gani

Njia zote tatu nimezipitisha kwenye maswali yale yale manne, ili isionekane nimeipamba moja. Kwanza, ni kiasi gani cha hasara ya karatasini kitageuka hasara ya kweli. Pili, pesa itapatikana lini, kwa sababu mwishoni mwa Aprili muhula wa pili unafunguliwa na tumeshawaahidi wanachama 12 mkopo wa karo wa shilingi 40,000 kila mmoja, jumla 480,000. Tatu, njia hiyo inatuumiza shilingi ikienda upande gani. Nne, dhamiri, maana kati yetu wamo wasiogusa riba hata kwa umbali, na neno lao lina uzito sawa na la mwingine yeyote.

Wazo la nne, la kuongeza bangili sasa kwa kuwa "zimekuwa rahisi", kamati ililiacha na mimi niliunga. Hatuna pesa ya ziada isiyokuwa na ahadi juu yake.

Njia ya kwanza: kushikilia zote

*Hasara.* Inabaki karatasini. Daftari litaendelea kuonyesha 2,615,000 au chochote ambacho mwisho wa mwezi utaleta, na nitawasomea kila mwezi, ukiwa mzuri au mbaya.

Mnaposema "tungoje irudi", tujue tunangoja nini hasa. Ili madini yenyewe yarudi kwenye 2,886,000, ama dola irudi 160 bei ya dunia ikiwa pale pale, ama wakia ifike kama dola 2,250 shilingi ikibaki 145. Ili turudishe kila senti tuliyotoa, pamoja na ujira na makato ya sonara, tunahitaji wakia ya kama dola 2,465 kwa shilingi ya 145. Dhahabu ikikaa 2,040, dola inabidi ifike 175. Hizo ni safari mbili tofauti, na ya pili ni ndefu.

Kuhusu muda, historia ina mifano miwili inayopingana. Aliyenunua dhahabu mwanzoni mwa 2023, wakia ikiwa kama dola 1,825 na dola ikiwa 123, leo yuko juu kwa karibu theluthi moja, hata baada ya Februari hii. Lakini wako walionunua Oktoba 2011. Waliokuwa na biashara wakati ule watakumbuka: dola ilifika shilingi 107, watu wakaingiwa na hofu kama ya Januari yetu, Benki Kuu ikapandisha riba hadi 18, na kufikia mwisho wa mwaka dola ilikuwa imerudi karibu 85. Kisha dhahabu yenyewe ikaporomoka mwaka 2013, na mwisho wa 2015 wakia ilikuwa inakaribia dola 1,060. Aliyelipa bei ya siku zile za Oktoba 2011, kwa shilingi, hakuirudisha hadi mwaka 2020. Sisemi yatatupata hayo. Nasema yamewahi kuwapata watu waliokuwa wamesimama tuliposimama sisi Januari.

*Pesa itapatikana lini.* Bangili zinauzika siku yoyote duka likiwa wazi, kwa hiyo hatujajifungia. Ila tukishikilia zote, mikopo ya karo haina pa kutoka. Michango ya Machi na Aprili kwa kawaida hutuletea chini ya nusu ya 480,000, na ndani ya Ramadhani hupungua zaidi. Watakaonyimwa waambiwe mapema, si wiki ya kufungua shule.

*Shilingi ikienda huku au kule.* Shilingi ikidhoofika tunapona. Ikizidi kupata nguvu, tuseme dola ifike 130 na dhahabu isisogee, bangili zetu zitakuwa za 2,345,000, yaani hasara ya karatasini itakuwa karibu maradufu ya hii ya sasa.

*Dhamiri.* Hakuna tatizo la riba. Zaka ni suala jingine. Mahesabu yake yatafuata uzito wa dhahabu tupu, gramu 275, na kiwango ni gramu 85. Kama mali ya shirika ihesabiwe kwa pamoja au kila mtu kwa fungu lake, waulizeni masheikh wenu, mimi nitawapa takwimu tu.

*Inamfaa* mwanachama ambaye fungu lake ni akiba ya mbali, labda ya binti anayesubiri harusi baada ya miaka mitano au ya uzee, na ambaye kipato chake chote kiko kwenye shilingi. Huyo hata akipoteza kwenye bangili shilingi inapopata nguvu, anapata afueni kwenye mafuta na unga. Haimfai aliyetoa pesa ya karo akaiita akiba.

Njia ya pili: kuuza zote na kuweka kwenye dhamana za serikali za siku 91

*Hasara.* Inageuka ya kweli yote, 529,000, siku hiyo hiyo. Hili lisemwe bila kupakwa asali. Upande wa pili ni kwamba inasimama hapo. Haikui tena.

Dhamana hizi ni mkopo tunaoipa serikali kwa siku 91, na sasa zinalipa asilimia 16 na ushee kwa mwaka. Tukiweka 2,537,000 kwa siku 91 tutapata kama 101,000, serikali ikate kodi ya asilimia 15, zibaki kama 86,000. Riba hiyo ikidumu, itatuchukua mwaka mmoja na nusu hivi kuziba shimo la 529,000. Na neno "ikidumu" ndilo lenye mzigo. Kila baada ya siku 91 pesa inarudi na tunaiweka tena kwa riba ya wakati huo, si ya leo. Ile hati fungani ya asilimia 18.46 iliyosifiwa kila mahali ilifungwa Februari. Anayeitaka sasa atainunua kwa aliye nayo, na kwa bei yake.

*Pesa itapatikana lini.* Hapa kuna mtego wa tarehe. Mnada wa dhamana hizi ni kila wiki. Tukiuza bangili baada ya mkutano, tukaingia mnada wa katikati ya Machi, siku 91 zinaisha katikati ya Juni. Karo ni mwisho wa Aprili. Kwa hiyo hata tukichagua njia hii inatubidi tubakishe 480,000 nje ya dhamana, kwenye akaunti ya kawaida, na faida ya miezi mitatu inashuka hadi kama 70,000. Tutahitaji pia akaunti ya DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu wa kununulia dhamana, kwa jina la shirika, na watia saini wetu wawili wawe na stakabadhi kamili. Mmoja wao kitambulisho chake kinasomeka jina tofauti na la kwenye cheti cha usajili. Hilo linaweza kutukula wiki mbili.

*Shilingi ikienda huku au kule.* Ni kinyume cha njia ya kwanza. Shilingi ikizidi kupata nguvu, tumeokoka. Ikianguka tena tukatamani kurudi kwenye dhahabu, tutanunua kwa bei ya juu na tutalipa ujira upya. Kutoka na kurudi ndani ya dhahabu ya bangili kunagharimu karibu asilimia 9 ya madini hata bei ikiwa haijasogea hata kidogo. Kwa hiyo anayepigia kura njia hii asiwe anafikiria "tutoke kwanza, tutarudi Agosti". Na siku tutakaponunua tena dhahabu, ombi langu ni tununue vipande vilivyofungwa vyenye namba, si bangili. Ujira wake ni mdogo mno. Januari tulichagua bangili kwa sababu zinapendeza machoni, na sisi sote tulikuwa na hatia hiyo.

*Dhamiri.* Hii ni riba ya wazi. Wanachama tisa wamenieleza kwamba hawataipokea hata ikiandikwa "faida". Njia hii ikishinda, fungu lao litabidi litengwe kwenye akaunti ya benki isiyo na riba, ambayo kwa sasa italeta kidogo kuliko dhamana. Hilo linawezekana kwenye daftari, ila lazima lipitishwe kwenye kura hiyo hiyo, si baadaye.

*Inamfaa* mwenye mahitaji ndani ya mwaka huu au ujao, asiyelala akisikia bei zinapanda na kushuka, na asiye na kikwazo cha riba. Inamfaa zaidi anayeamini kuwa hofu ya Yurobondi imekwisha kabisa na shilingi itaendelea kusimama. Haimfai aliyenunua dhahabu kwa sababu haiamini shilingi, kama bado haiamini.

Njia ya tatu: kuuza bangili tatu, kubakisha kumi na mbili

*Hasara.* Bangili tatu ni gramu 60, moja ya tano ya mali. Zitatuletea kama 507,000. Hasara itakayokuwa ya kweli ni moja ya tano ya ile 529,000, yaani karibu 106,000. Iliyobaki inaendelea kuishi karatasini pamoja na bangili kumi na mbili.

*Pesa itapatikana lini.* Ndani ya siku moja. Inafunika mikopo ya karo ya 480,000 na kubakisha kama 27,000. Mikopo hiyo inarudishwa kwa miezi sita, kwa hiyo kufikia Oktoba tutakuwa na pesa taslimu tena, na wakati huo mkutano utaamua iende wapi.

*Shilingi ikienda huku au kule.* Tunaumia na kupona kama njia ya kwanza, ila kwa vipimo vya nne ya tano. Watu hupenda kuiita njia ya katikati wakidhani haina makali. Inayo. Tukiuza tatu sasa kwa ajili ya karo ya muhula wa pili, muhula wa tatu watakuja wengine wenye haja kama hiyo, na tutakata tena. Tunaweza kujikuta tumeuza zote kidogo kidogo, kila mara kwenye bei tusiyoichagua. Kama tunaipitisha, tuiwekee mpaka: bangili tatu, mara moja mwaka huu.

*Dhamiri.* Haigusi riba, kwa kuwa mikopo yetu ya karo haina ziada.

*Inalifaa* shirika lenye wanachama mchanganyiko kama sisi, lakini haimridhishi kikamilifu yeyote. Anayetaka kutoka hajatoka, na anayetaka kushikilia amepoteza bangili tatu. Mwenye mtoto wa shule ndiye anayefaidika wazi wazi.

Kuna aliyependekeza badala ya kuuza tatu, tuziweke rehani kwa mkopeshaji na tuzikomboe Oktoba. Niliuliza. Walionijibu wanakopesha sehemu tu ya thamani, kwa hiyo ili tupate 480,000 tutaweka bangili tano au sita. Ada yao ya mwezi, kwa miezi sita, inazidi ile 106,000 tunayoikimbia. Kama yuko mwanachama anayejua pa kupata rehani bila ada, aje nayo kwa maandishi kabla ya Machi 9.

Siku ya kuuza, tukifikia huko

Hili nalirefusha kidogo kwa sababu hapa ndipo vikundi vingi hupoteza kuliko vilivyopoteza kwa shilingi. Ndani ya kila bangili mna mhuri wa 916, ambao ndio karati 22. Mhuri wa 875 ni karati 21. Sonara akiamua kutulipa kana kwamba ni 21, akisema mhuri hauaminiki, tukiwa tunauza zote tutapoteza thamani ya gramu 12.5 za dhahabu tupu, karibu 119,000, na kwenye risiti itaonekana ni "bei ya leo" tu. Ni rahisi kutoiona, kwa kuwa uzito utakuwa sawa.

Kwa hiyo tutakwenda watatu, tukiwa na mzani wetu mdogo na risiti ya Januari. Kabla hatujatoa bangili tutauliza bei ya gramu ya karati 22 siku hiyo na asilimia anayokata. Nitakuwa nimeshafanya hesabu nyumbani: bei ya wakia kwa dola, gawanya kwa 31.1, zidisha kwa dola ya siku hiyo, kisha zidisha kwa 22 na ugawanye kwa 24. Kwa bei za mwisho wa Februari jibu ni kama shilingi 8,718 kwa gramu. Kama anachosema kiko chini ya 8,450, amekata zaidi ya asilimia 3 au anahesabu karati nyingine, na tutaondoka. Akitaka kupima kwa mashine, apime mbele yetu, na asikate kipande chochote kabla ya kukubaliana.

Ukiwa katika hali hii

Kama fungu lako hutaligusa kwa miaka minne, mitano, na umeridhika kusikia taarifa mbaya kila mwezi bila kutikisika, njia ya kwanza inakufaa, mradi ukubali kwamba wenzako 12 watatafuta karo kwingine.

Kama unajenga au unamaliza mkopo mwaka huu na riba si tatizo kwako, ya pili itakupa uhakika ambao dhahabu haiwezi kukupa. Kama riba ni tatizo kwako lakini unataka kutoka, sema wazi mkutanoni fungu lako liwekwe wapi, kwa sababu kimya kitahesabiwa kama umekubali dhamana.

Kama wewe ni mmoja wa wale 12, ya tatu imetengenezwa na shida yako, na huna haja ya kuona haya kuipigia kura. Lakini ukichagua hiyo, uje pia na tarehe ambazo kweli utaweza kulipa.

Na kama unataka kujitoa kabisa kwenye shirika, jambo ambalo wanachama wawili wameniuliza faraghani, fungu lako halitahesabiwa kwa ile 76,650 uliyochangia. Halitahesabiwa pia kwa thamani ya madini iliyo daftarini. Litahesabiwa kwa kile ambacho sonara angetulipa siku hiyo, ambacho kwa bei za sasa ni kama 63,400. Tukikulipa zaidi ya hapo, watakaobaki ndio watakaobeba hasara yako. Anayeweza kungoja, angoje kura ipite kwanza, maana matokeo yake yanaweza kubadilisha uamuzi wake.

Katiba yetu inataka theluthi mbili kuuza mali yoyote, yaani kura 27 kati ya 40. Njia ya pili na ya tatu zisipofika huko, tunabaki kwenye ya kwanza, na jioni hiyo hiyo nitawaandikia wale 12.

Wenye funguo tatu za kasha tutakuwa benki mapema asubuhi ya Machi 9. Mkutano ni saa nne asubuhi. Bangili zitakuwa mezani, mzani pembeni yake, na kila anayetaka atapima kwa mkono wake kabla hatujagawa karatasi za kura.

Wenu,
Mweka hazina